Swali la Mlangoni: Namna ya Kujua Kama Somo Limefika



Katika matawi mengi somo la jioni humalizika kwa namna moja. Mkufunzi huweka chaki chini, hupangusa mikono, kisha huuliza: "Ndugu zangu, tumeelewana?" Darasa zima huitikia "Ndiyo!" na watu huchukua makoti yao. Itikio hilo halimwambii mkufunzi chochote. Aliyeelewa ameitika, asiyeelewa ameitika ili asionekane mjinga mbele ya wenzake, na aliyesinzia ameitika kwa kuwa jirani yake ameitika. Wapo pia walioitika kwa sababu shifti ya usiku inawangoja.

Hasara yake huonekana siku ya mshahara. Mfanyakazi aliyefundishwa hesabu ya ovataimu huenda dirishani kwa karani wa mishahara na kudai Sh. 12,000, huku haki yake ni Sh. 9,000. Karani humfanyia hesabu mbele ya foleni nzima na kumwonyesha kwamba amekosea. Tangu siku hiyo, hata mwenzake mwenye dai la kweli akija, hupokewa kwa kicheko. Mkufunzi anajua alifundisha, lakini hajui nani alitoka mlangoni na nini kichwani.

Kwa hiyo tunaeleza hapa juu ya swali moja fupi linaloulizwa dakika tano za mwisho, kila mtu akilijibu peke yake kabla ya kutoka. Sisi huliita swali la mlangoni. Kuliuliza ni rahisi. Kazi ngumu ni kulitunga, maana swali lililotungwa vibaya hudanganya kama lile "Ndiyo!" la watu wote, na udanganyifu wake ni mbaya zaidi kwa sababu limeandikwa kwenye karatasi na linaonekana kama ushahidi.

Tutachukua somo moja tu, lile la ovataimu, na kulifuata hadi mwisho. Sheria tunayoitumia ni Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006. Sheria hiyo inaweka saa 48 za kazi kwa wiki. Zinazozidi hapo hulipwa kwa uchache mara moja na nusu ya malipo ya kawaida ya saa, ikiwa ni siku ya kawaida ya kazi, na mara mbili ikiwa ni sikukuu iliyotangazwa na serikali. Wenzetu wa Tanzania wasilinakili swali letu lilivyo. Kwao sheria ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo mtu aliyefanya kazi saa 53 ana saa 8 za ziada, siyo 5. Njia ya kutunga swali ni ile ile; namba ndizo zibadilishwe.

LENGO KWANZA, SWALI LA PILI, SOMO LA TATU

Wengi hutayarisha somo, wakalifundisha, halafu ndipo wakawaza juu ya swali wakati watu wanatazama saa. Swali la namna hiyo huwa juu ya jambo lililosemwa mwisho, au juu ya jambo lililo rahisi kuuliza. Hapana budi swali litungwe kabla ya somo, na kabla ya swali liandikwe lengo.

Hapo tunakutana na maneno mawili yanayoharibu malengo mengi: "kujua" na "kuelewa". Ukiandika "Mwisho wa somo wanafunzi wataelewa haki zao za ovataimu," utaulizaje? Kuelewa hakuonekani kwa macho. Mmarekani mmoja aitwaye Robert Mager aliandika kitabu mwaka 1962 juu ya kutayarisha malengo ya mafunzo, na ushauri wake unatufaa hadi leo. Alisema lengo litaje mambo matatu: mwanafunzi atafanya nini kinachoonekana, atakifanya katika hali gani, na kwa usahihi kiasi gani.

Basi lengo letu la ovataimu liliandikwa hivi: "Mwisho wa somo, kila mwanafunzi, akipewa karatasi ya mshahara ya wiki moja na idadi ya saa zilizofanywa, bila kusaidiwa, ataweza kupiga hesabu ya ovataimu inayostahili na kusema kama karatasi ni sawa au ina kasoro, na kasoro hiyo ni shilingi ngapi."

Soma tena lengo hilo, nawe utaona kwamba swali limekwisha kujitokeza lenyewe. Lengo linasema "kupiga hesabu", basi swali litataka hesabu. Linasema "kusema kama karatasi ni sawa", basi swali litatoa karatasi. Mkufunzi akiuliza badala yake, "Kiwango cha ovataimu siku ya kawaida ni kipi?" atajibiwa "Mara moja na nusu" na darasa zima, hata na wale wasioweza kugawa mshahara wa wiki kwa saa. Wamekariri maneno manne. Swali hilo si baya kwa somo ambalo lengo lake ni kutaja kiwango, lakini kwa lengo letu halifai.

Lile neno "bila kusaidiwa" nalo lina kazi yake. Kama lengo lako linaruhusu mtu kutazama kijitabu cha sheria, basi siku ya swali kijitabu kiwe mezani, kwa kuwa hata siku ya mshahara atakuwa nacho. Kama halisemi hivyo, ubao ufutwe kabla ya swali. Wapo wanaosahau kufuta ubao, wakashangilia kwamba darasa lote limepata, huku hesabu yote iko nyuma ya mgongo wao kwa maandishi makubwa.

NAMBA ZINAZOFICHA NA NAMBA ZINAZOFICHUA

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Tazama swali hili, ambalo kwa nje linaonekana zuri kabisa:

"Mfanyakazi wa kiwanda cha chai analipwa Sh. 57,600 kwa wiki ya siku 6, saa 8 kila siku. Wiki iliyopita alifanya saa 5 za ziada katika siku za kawaida. Karatasi yake ya mshahara inaonyesha ovataimu ya Sh. 6,000. Amepunjwa shilingi ngapi?"

Jibu sahihi ni Sh. 3,000. Njia yake ni hii: 57,600 gawanya kwa saa 48 ni Sh. 1,200 kwa saa. Mara moja na nusu ni Sh. 1,800. Kwa saa 5 ni Sh. 9,000. Amelipwa 6,000, kwa hiyo pungufu ni 3,000.

Lakini yupo mwanafunzi mwingine anayeamini kwamba saa ya ziada hulipwa nusu ya saa ya kawaida. Alisikia "na nusu" akaiacha ile "mara moja". Yeye anachukua nusu ya 1,200, yaani 600, anazidisha kwa saa 5, anapata 3,000, na kuandika 3,000. Karatasi mbili zinafanana. Mmoja wao anaweza kwenda dirishani akajitetea. Mwingine akienda atajipunja mwenyewe. Mkufunzi anaweka alama ya vema kwenye zote mbili.

Kasoro haikuwa kwa mwanafunzi. Namba zimechaguliwa vibaya, kiasi kwamba njia ya haki na njia ya makosa zinafika kituo kimoja. Swali hilo lina kasoro ya pili pia: linasema "amepunjwa". Kwa kusema hivyo limekwisha kutoa nusu ya jibu. Lengo lilitaka mfanyakazi agundue mwenyewe kama karatasi ina kasoro, lakini swali limemwambia tayari.

Namna ya kutengeneza ni kukaa na karatasi tupu na kuandika makosa ambayo watu hufanya kweli. Usiyabuni hewani. Yatoke kwenye madaftari ya darasa lililopita, na kwenye madai yaliyokataliwa ofisini. Kwa ovataimu tunayafahamu matano. Wa kwanza hulipa saa ya ziada sawasawa na saa ya kawaida. Wa pili hulipa nusu tu. Wa tatu hulipa mara mbili, kwa kuwa amechanganya siku ya kawaida na sikukuu. Wa nne hukosea kuhesabu saa. Akisikia "saa moja zaidi kila siku" anahesabu siku zote sita hata kama Jumamosi hakubaki. Wa tano hugawa mshahara wa wiki kwa saa zote, za kawaida na za ziada pamoja, hivyo malipo yake ya saa yanashuka.

Kisha unachukua namba zako na kupita nazo katika kila njia ya makosa, kama fundi anayemwaga maji kwenye kila bomba aone yanatokea wapi. Zikitokea mahali tofauti, namba zako zinafaa. Mbili zikitokea pamoja, badilisha namba. Baada ya kufanya hivyo tulipata swali hili:

"Mfanyakazi wa kiwanda cha chai analipwa Sh. 57,600 kwa wiki ya siku 6, saa 8 kila siku. Wiki iliyopita, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, alibaki kazini saa moja zaidi kila siku. Jumamosi alitoka kwa wakati. Hakukuwa na sikukuu. Karatasi yake ya mshahara inaonyesha ovataimu ya Sh. 7,200. Je, karatasi ni sawa? Kama si sawa, tofauti ni shilingi ngapi? Andika hesabu zako, usizifute."

Aliyeelewa atapata ovataimu ya Sh. 9,000 na kusema karatasi imepungua Sh. 1,800. Anayelipa saa ya ziada kama ya kawaida atapata 6,000, na atasema mwajiri amelipa zaidi kwa 1,200. Anayelipa nusu atapata 3,000 na kusema limezidi 4,200. Anayelipa mara mbili atapata 12,000 na kudai 4,800. Aliyehesabu Jumamosi atapata 10,800 na kudai 3,600. Na yule anayegawa kwa saa 53 atajulikana mara moja, kwa kuwa malipo yake ya saa yatakuwa namba isiyokamilika, 1,086 na ushei. Kila kosa lina alama yake. Mkufunzi hahitaji kubahatisha; anatazama namba ya mwisho na kujua mtu alipotea kwenye njia panda ipi.

Ile Sh. 7,200 nayo haikuokotwa. Ni malipo ya saa 4 kwa kiwango sahihi cha 1,800. Yaani karani amelipa vizuri lakini ameidondosha saa moja. Mwanafunzi aliye mbele ya wenzake ataona kwamba upungufu wa 1,800 ni sawa kabisa na saa moja ya ziada, na ataandika, "Wameruka siku moja." Hatukumwomba aandike hivyo, lakini akiandika tunajua ameshika zaidi ya lengo.

Jambo jingine dogo: namba za swali zisiwe zile zilizotumika ubaoni. Kama ubaoni mfano ulikuwa wa mtu anayelipwa Sh. 38,400 kwa wiki, yaani Sh. 800 kwa saa, na swali likarudia namba hizo hizo, unapima kumbukumbu ya saa moja iliyopita. Lakini pia usizigeuze zikawa ngumu kupita kiasi. Ukiweka mshahara wa Sh. 58,350, mtu anayejua sheria vizuri ataanguka kwenye kugawanya, nawe utadhani hajui ovataimu. Hisabati iwe nyepesi ili kinachopimwa kiwe kile kilichofundishwa.

WASIOANDIKA UPESI

Katika mashamba ya chai wapo wachumaji hodari ambao kalamu kwao ni nzito kuliko kikapu. Swali la sentensi nane linawapima kusoma. Kwao swali lisomwe kwa sauti, mara mbili, polepole, na namba ziandikwe ubaoni peke yake bila hesabu. Au wapewe majibu ya kuchagua: moja ni 6,000, mbili ni 9,000, tatu ni 10,800, nne ni 12,000. Kila mtu anaonyesha kidole au vidole vyake kifuani, wote kwa mara moja mkufunzi akisema "Sasa!", ili asiwepo wa kumtazama mwenziwe kwanza. Majibu ya uongo, mtaona, si namba za kubuni. Ni yale makosa yetu ya juu. Jibu la uongo ambalo hakuna mtu angelifikia ni nafasi iliyopotea.

Hata hivyo kuchagua jibu kuna bahati ndani yake. Darasa la watu 24 wasiojua kitu, wakichagua kwa kubahatisha kati ya majibu manne, kwa wastani 6 watapata. Kwa swali la "sawa au si sawa" watapata 12. Mkufunzi asifurahie nusu ya darasa kupata swali la ndiyo na hapana, kwa sababu sarafu ikirushwa ingepata kiasi hicho. Ndiyo maana tunapenda hesabu ionekane, na kwa wale wa vidole tunawachagua wawili au watatu na kuwauliza faragha, "Umefikaje hapo?"

Na malengo mengine hayafai karatasi hata kidogo. Somo likiwa ni kuvaa barakoa ya kupulizia dawa, mtu aandike nini? Swali lake la mlangoni ni kupewa barakoa mkononi: avae, akaze mikanda, azibe njia ya hewa kwa kiganja, avute pumzi aone kama inashika usoni. Mwenye ndevu au mwenye mkanda uliolegea ataonekana mara moja, na hakuna insha ingeonyesha hivyo.

KARATASI 24 MEZANI

Tuseme sasa darasa limekwisha, nawe una karatasi 24. Hazisahihishwi kwa kupewa alama saba kati ya kumi. Hupangwa kwa mafungu, na kazi hiyo haizidi robo saa. Tuchukue mfano: 13 wamepata na hesabu inaonekana. Wawili wameandika jibu sahihi bila hesabu. Watano wameandika 6,000. Watatu wameandika 12,000. Mmoja hakuandika kitu.

Mkufunzi wa haraka atasema, "Kumi na tano wamepata, zaidi ya nusu, tuendelee." Sisi tunatazama fungu la 6,000 kwanza. Watano kati ya 24 wameanguka kwenye shimo moja, na watu hawaanguki pamoja kwa bahati. Sababu moja yawezekana ni kwamba mkufunzi aliitaja "mara moja na nusu" kwa kasi. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine: hicho ndicho wanacholipwa. Mtu aliyepokea saa ya ziada kwa bei ya kawaida miaka kumi haoni kasoro kwenye 6,000. Kwake hiyo ndiyo ovataimu. Amesikia sheria darasani, lakini kalamu imeandika desturi ya kiwandani. Kwa huyo kurudia kiwango kwa sauti kubwa hakusaidii. Inafaa aweke karatasi yake mwenyewe ya mshahara kando ya hesabu ya sheria, aone pengo kwa fedha yake.

Wale watatu wa 12,000 wana ugonjwa tofauti. Wao wanajua saa ya ziada ina bei ya juu, lakini wameibeba bei ya sikukuu na kuileta Jumatatu. Dawa yao ni mifano miwili bega kwa bega: saa ile ile, mtu yule yule, mara moja ni siku ya kawaida na mara moja ni sikukuu iliyotangazwa. Ukiwafundisha pamoja na wale wa 6,000 kwa maneno yale yale, utawachanganya wote.

Waliojibu bila hesabu waulizwe kwa upole, bila kuwashuku wizi. Wapo wanaopiga hesabu kichwani kuliko mkufunzi, hasa waliowahi kuuza dukani. Na yule aliyeacha karatasi tupu aulizwe peke yake. Huenda hajui. Huenda pia hakuona ubao kwa sababu ya macho, naye hatalisema hilo mbele ya watu.

Kipimo chetu cha kuamua ni hiki, wala si sheria ya msahafu: kosa moja likiwashika watu kama mmoja kati ya wanne au zaidi, somo linalofuata huanza na kosa hilo kwa darasa zima, kama dakika kumi. Likiwashika wachache, tunawaketisha na wenzao waliopata, na darasa linaendelea. Katika mfano wetu watano kati ya 24 wako karibu na mpaka. Sisi tungelirudia kwa wote, kwa kuwa kosa lenyewe linagusa fedha.

Juu ya majina tunaomba uangalifu. Karatasi zenye majina ya watu na hesabu za mishahara zikisahaulika mezani, zaweza kuishia ofisi ya utumishi, na kuna wafanyakazi ambao hawatarudi darasani tena wakihofia hivyo. Kila mtu apewe namba yake mwanzo wa masomo, aandike namba hiyo tu. Orodha ya namba na majina akae nayo katibu wa tawi. Na swali litumie mfanyakazi wa kubuni; karatasi ya kweli ya mtu itazamwe naye mwenyewe.

LISICHOWEZA KUONYESHA

Swali la mlangoni lina mipaka, na asiyeijua atalitegemea kupita kiasi.

Mpaka wa kwanza ni kwamba halisemi nani alijua kabla ya kuja. Katika wale 13, huenda wanne walikuwa wakijua ovataimu tangu zamani, na somo halikuwaongezea kitu. Ukitaka kujua, uliza swali la aina hiyo hiyo, lenye namba nyingine, dakika tano za mwanzo. Linganisha mafungu mawili, lile la kuingia na lile la kutoka. Waliobadilika ndio waliofundishwa. Hatufanyi hivyo kila siku, maana watu huchoka kuhojiwa. Twafanya hivyo somo linapofundishwa kwa mara ya kwanza, au mkufunzi anapokuwa mgeni.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi. Jibu la saa moja jioni linaonyesha hali ya saa moja jioni. Maneno bado yana moto, mfano wa ubaoni bado uko machoni. Siku ya mshahara iko wiki mbili mbele, na kati yake kuna usiku wa kazi na uchovu. Kwa hiyo mkutano unaofuata haufunguliwi na somo jipya. Unafunguliwa na ovataimu tena, bila kutangazwa kabla, kwa namba nyingine: mfanyakazi wa Sh. 72,000 kwa wiki ya saa 48, saa 3 za ziada siku za kawaida, na karatasi inayoonyesha Sh. 6,750. Malipo yake ya saa ni Sh. 1,500, ya ziada Sh. 2,250, na jumla ni Sh. 6,750 kamili. Karatasi ni sawa. Tumeiweka sawa kwa makusudi, kwa sababu darasa lililozoea kwamba kila karatasi ina kasoro litaandika "amepunjwa" bila kupiga hesabu. Anayeweza kusema "hapa mwajiri amelipa haki" na kuonyesha kwa nini, huyo tunamruhusu aende dirishani na dai lake siku litakapokuwepo.